Ramani ya Chaki Sakafuni katika Somo la Jiografia

Mwanachuo anayekwenda kwenye mazoezi ya kufundisha katika shule za Kingolwira, kando ya barabara kuu iendayo Dar es Salaam, na afanye jaribio dogo kabla ya kuandika andalio la somo lake la kwanza la jiografia. Atundike ramani ya Tanzania ukutani, amwite mwanafunzi wa darasa la tano, kisha amwulize: Milima ya Uluguru iko upande gani wa Kingolwira? Mara nyingi mwanafunzi ataikodolea macho ramani, atakitafuta kidoa cha Morogoro, na atajibu, "Iko chini."

Jibu hilo linastahili kufikiriwa. Mtoto huyo amezaliwa akiiona milima hiyo. Akitoka nje ya darasa anaiona imesimama kusini na kusini-magharibi mwake, mirefu, imefunikwa na mawingu asubuhi. Hakuna mtu kijijini anayesema kwamba Uluguru iko chini. Waendao huko hupanda. Lakini ramani ya ukutani imemzoesha kwamba kaskazini ni juu na kusini ni chini, mashariki ni mkono wa kulia na magharibi ni mkono wa kushoto. Maneno hayo manne ya ukutani yameyafukuza maneno manne ya kweli ya pande za dunia. Kutokana na kosa hilo moja huzaliwa mengine: kwamba mto hauwezi kutiririka kuelekea kaskazini kwa kuwa maji hayapandi, kwamba mtu asafiriye kwenda Mbeya anateremka, kwamba bahari daima iko mkono wa kulia.

Ramani iliyochorwa kwa chaki sakafuni, ambayo wanafunzi huitembea kwa miguu yao kutoka mkoa hadi mkoa wakijibu maswali, inajulikana kwa walimu wengi kama mchezo wa kuchangamsha darasa. Sisi tunaiona kwa namna nyingine. Faida yake hasa ni kwamba sakafuni hakuna juu wala chini. Mwanafunzi analazimika kusema kaskazini na kusini kwa sababu hana neno jingine litakalomfaa. Ikiwa mwalimu hakuizingatia faida hiyo, atakuwa amechafua sakafu bure, maana majina ya mikoa huweza kufundishwa kwa ramani ya ukutani bila kuhamisha dawati hata moja.

Jambo la kwanza basi ni kuilaza ramani sawasawa: kaskazini ya ramani ielekee kaskazini ya kweli. Usikubali kuichora kwa kufuata ukuta wa darasa, isipokuwa kama umehakikisha kwamba ukuta huo unaelekea inavyotakiwa. Kama shule haina dira, tumia kivuli. Simamisha kijiti wima uwanjani, chenye urefu wa meta 1 hivi, mnamo saa tatu asubuhi. Weka kokoto kwenye ncha ya kivuli, kisha kwa kamba iliyofungwa chini ya kijiti chora duara linalopita kwenye kokoto hilo. Kivuli kitafupika hadi adhuhuri na kurefuka tena. Alasiri, ncha yake itakapoligusa duara mara ya pili, weka kokoto jingine. Mstari unaoyaunganisha makokoto hayo mawili huelekea mashariki na magharibi, na kokoto la asubuhi ndilo lililo upande wa magharibi. Wanachuo wengine hupenda kufupisha kazi kwa kutazama kivuli cha adhuhuri peke yake na kusema kwamba kinaonyesha kusini. Njia hiyo haiaminiki hapa kwetu. Kuanzia mwezi wa Machi mpaka mwanzo wa Oktoba jua la adhuhuri huwa upande wetu wa kaskazini na kivuli huanguka kusini. Lakini kati ya katikati ya Oktoba na mwanzo wa Machi mambo hugeuka, na karibu na siku za mageuzi hayo kivuli cha adhuhuri hakionekani kabisa.

Pili ni ukubwa. Tanzania yote, bara na visiwani, hukaa ndani ya mistari ya longitudo 29 na 41 Mashariki, na mistari ya latitudo 1 na 12 Kusini. Tukiipa kila digrii sentimeta 50, tutahitaji mstatili wenye urefu wa meta 6 kutoka magharibi hadi mashariki, na meta 5 na nusu kutoka kaskazini hadi kusini. Mstatili huo huingia katika darasa la kawaida madawati yakitolewa nje, na hubaki nafasi ya wanafunzi kukaa pembeni. Kipimo hiki cha sentimeta 50 hatukukichagua ovyo. Ni takriban hatua moja ya mtoto wa darasa la tano. Digrii moja ni karibu kilometa 110 za ardhi. Hivyo mtoto akipiga hatua moja amekwenda kilometa 110, na skeli ya ramani imeingia miguuni mwake kabla hajalisikia neno lenyewe.

Huenda msomaji akauliza kama ni halali kuchora digrii za longitudo na za latitudo kwa kipimo kimoja, maana mistari ya longitudo hukaribiana kadiri inavyokwenda kwenye ncha za dunia. Kwa nchi iliyo karibu na Ikweta kama yetu tofauti ni ndogo mno. Hata kwenye mpaka wetu wa kusini digrii moja ya longitudo hupungua kwa sehemu mbili tu katika mia. Mwalimu wa Ulaya ya kaskazini asingeweza kufanya hivyo, kwa sababu kwenye latitudo 60 digrii hiyo hubaki nusu tu.

Miraba ichorwe na mwalimu mwenyewe jioni ya kuamkia somo, sakafu ikiwa imefagiliwa, ikapigwa deki na kukauka. Chora kwanza mstari wa kusini wa meta 6. Ili kona iwe sawa, tumia njia ya mafundi waashi: kutoka kwenye kona pima meta 3 juu ya mstari huo, pima meta 4 kwa upande wa pili, kisha pima kati ya alama hizo mbili. Zikiwa meta 5 kamili, kona ni sahihi. Zikizidi, kona imepanuka na mstari wa pili urudishwe ndani. Baada ya hapo weka alama kila sentimeta 50 pande zote nne. Kwa mistari ya ndani, paka kamba chaki, mwanachuo mwenzako ashike ncha moja na wewe nyingine, ivuteni mpaka ikaze juu ya alama mbili zinazokabiliana, iinueni katikati na kuiachia. Itapiga sakafu na kuacha mstari mwembamba ulionyooka. Andika pembeni tarakimu za digrii: 29 hadi 41 kwa longitudo na 1 hadi 12 kwa latitudo.

Ramani yenyewe ichorwe na wanafunzi. Hapa wanachuo wengi hutaka kuanza na mipaka ya mikoa, na ndipo ramani inapoharibika, kwa kuwa mpaka mmoja ukikosewa huisukuma mingine yote. Ni afadhali kuanza na miji. Kila sehemu ya kumi ya digrii ni sentimeta 5, basi mtoto mwenye rula aweza kuuweka mji mahali pake bila msaada. Dar es Salaam iko kwenye latitudo 6.8 na longitudo 39.3. Morogoro iko kwenye latitudo hiyo hiyo ya 6.8, na longitudo 37.7, kwa hiyo watoto wataona kwa macho yao kwamba Dar es Salaam iko mashariki hasa ya Morogoro, jambo ambalo wengi wao hawalitarajii. Dodoma ni 6.2 na 35.7, Tabora 5.0 na 32.8, Mwanza 2.5 na 32.9, Kigoma 4.9 na 29.6, Songea 10.7 na 35.7, Mtwara 10.3 na 40.2. Miji mingine isomwe katika atlasi kwa namna hiyo hiyo. Baada ya miji chora pwani na maziwa makuu, halafu mipaka ya nchi. Upande wa magharibi wa Ziwa Viktoria mpaka wetu na Uganda hufuata latitudo 1, kwa hiyo mstari umekwisha kuchorwa tayari. Mipaka ya mikoa huja mwisho, ikipitishwa kati ya miji ambayo sasa inawaongoza wachoraji.

Usiandike majina ya mikoa ndani ya ramani. Tumewahi kuona ramani nzuri iliyojazwa majina kwa herufi kubwa, na somo zima likageuka kuwa zoezi la kusoma: mtoto anaambiwa aende Iringa, anatafuta neno "Iringa" kama anavyotafuta jina la duka. Alama za miji zatosha.

Neno moja kuhusu atlasi na ramani za zamani. Shule nyingi zingali na ramani zilizochapishwa kabla Mkoa wa Manyara haujaanzishwa mwaka 2002, au kabla ya Geita, Katavi, Njombe na Simiyu mwaka 2012, au kabla ya Songwe mwaka 2016. Leo mikoa ni 31, yaani 26 ya bara na 5 ya visiwani. Mwalimu aihakiki mipaka mapema, asije akabishana na watoto mbele ya darasa.

Sasa tuingie katika somo lenyewe, na tulieleze kama lilivyofundishwa na mwanachuo wetu mmoja katika darasa la tano la shule moja ya Kingolwira, lenye wanafunzi 64. Darasa kama hilo haliwezi kusimama lote juu ya ramani. Aliwakalisha pande zote nne, kumi na sita kila upande, migongo ikielekea kuta. Kutoka kila upande aliwaita wawili: mmoja mtembeaji, mwingine mwamuzi mwenye atlasi. Watembeaji wanne, basi, walikuwa ndani ya ramani kwa wakati mmoja, kila mmoja na kadi yake ya swali, na kila mmoja alianzia mahali tofauti. Utaratibu huu una sababu. Watembeaji wote wakipewa swali moja na kuanzia mahali pamoja, mmoja mwerevu ataongoza na wengine watamfuata kama kondoo. Mwalimu atadhani darasa limeelewa, kumbe ameelewa mtoto mmoja. Waliokaa pembeni hawakuwa wavivu: kila mmoja aliandika katika daftari njia ya mtembeaji wa upande wake, mkoa baada ya mkoa, ili amsahihishe akimaliza.

Alianza na maelekezo ya mwili. Mtoto alisimama Dodoma, akaambiwa aelekee Songea, apige hatua mbili, asimame. Kisha akaulizwa: "Bila kugeuka, nyoosha mkono kuelekea Bahari ya Hindi." Mtoto alinyoosha mkono wa kulia, kuelekea Mbeya na Rukwa. Hili ndilo kosa tulilokuwa tukilingojea, na ni kosa la ukutani: amezoea kwamba mashariki iko kulia. Mwalimu asiye na subira angemwambia, "La, ni kushoto," na somo lingepotea hapo. Mwanachuo wetu alifanya vizuri zaidi. Alimwuliza mtoto anaelekea upande gani. Kusini. Jua la asubuhi lilikuwa likiingia kupitia dirisha gani? Mtoto akalitazama dirisha lililo kushoto kwake, akanyamaza kidogo, akabadilisha mkono. Kisha akaambiwa arudi Dodoma akielekea kaskazini, na akaulizwa tena bahari iko wapi. Safari hii mkono wa kulia ulikuwa sahihi, na darasa likaona kwamba bahari haikuhama ila mtu ndiye aliyegeuka. Swali hilo moja na majibu yake lilichukua dakika saba. Hatuoni kwamba zilikuwa nyingi.

Likafuata swali la safari. Kadi ilisema: "Simama Morogoro. Nenda Mwanza kwa Reli ya Kati. Taja kila mkoa unaoukanyaga." Msichana aliyepewa kadi hii alipita Dodoma, akaingia Singida, kisha akakata moja kwa moja kaskazini-magharibi kupitia Shinyanga hadi Mwanza. Mwamuzi akamsimamisha: reli haipiti hapo, hupita Tabora kwanza. Msichana akabisha, na ubishi wake ulikuwa wa haki. Akauliza kwa nini treni iende Tabora ilhali Mwanza iko kule? Miguu yake ilikuwa imetambua kwamba njia ya reli ina kona kubwa, jambo ambalo jicho hulipita bila kujali katika ramani ya ukutani.

Jibu liko katika historia ya reli yenyewe. Ujenzi ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, reli ikafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Wajerumani waliojenga walikuwa wakilikusudia Ziwa Tanganyika, wala si Mwanza. Tawi la kutoka Tabora kwenda Mwanza lilikamilika mwaka 1928, wakati wa utawala wa Waingereza, na likalazimika kuanzia pale reli ilipokuwa imekwisha kufika. Mwanachuo aliieleza habari hiyo kwa sentensi tatu, huku mtoto mwingine akitembea kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ili darasa lione jinsi mstari huo unavyokwenda magharibi bila kujali Mwanza. Kisha kamba ililetwa. Kutoka Morogoro hadi Mwanza kwa mstari ulionyooka walipata meta 3 na sentimeta 20. Kwa kupitia Dodoma na Tabora walipata meta 3 na sentimeta 85. Tofauti ni sentimeta 65, yaani hatua moja na kitu, ambazo ni zaidi ya kilometa 140. Watoto waliihesabu wenyewe. Mikoa iliyotajwa mwishoni ilikuwa Morogoro, Dodoma, Singida, Tabora, Shinyanga, Simiyu na Mwanza. Simiyu ulisahauliwa na wote, kwani reli hupita pembeni mwake tu, penye stesheni ya Malampaka.

Swali la tatu lilihusu pwani: "Tembea kutoka Tanga hadi Mtwara bila kuiacha bahari." Watembeaji karibu wote husema Tanga, Pwani, Dar es Salaam, Lindi, Mtwara. Mguu husema vingine. Mkoa wa Pwani umeuzunguka Mkoa wa Dar es Salaam, basi atokaye Dar es Salaam kuelekea kusini hurudi ndani ya Pwani kabla hajaingia Lindi. Mtoto asiyeukanyaga mkoa huo mara mbili ameruka. Swali hili tunalipenda kwa sababu haliwezi kujibiwa kwa kukariri.

Na hiki ndicho kipimo cha swali la ramani ya sakafuni. Kabla hujaliandika kwenye kadi, jiulize kama mtoto aliyeketi aweza kulijibu bila kunyanyuka. "Makao makuu ya nchi ni wapi?" laweza kujibiwa kutoka kwenye dawati, lisiletwe hapa. "Mto Kagera, unapofuata mpaka wetu na Rwanda, unaelekea wapi?" halijibiki vizuri ila kwa kuutembea, na mtoto aliyedhani mito yote huteremka kwenda kusini atajikuta anatembea kaskazini. Watoto wa Kingolwira wana mfano wa karibu zaidi: Ngerengere hutoka Uluguru, huanza kwa kuelekea kaskazini, kisha hugeuka mashariki na kuingia Ruvu, ambayo huingia baharini karibu na Bagamoyo. Wanaujua mto wenyewe. Kinachokosekana ni kuuona ndani ya nchi.

Kwa madarasa ya juu, miraba ya longitudo yenyewe hutoa swali zuri. Jua huchukua dakika 4 kupita digrii moja, na kila mraba ni digrii moja. Mtoto atembee kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma akihesabu dakika nne kwa kila mraba. Atapata karibu dakika 40. Saa za mkononi ni zile zile nchi nzima, lakini jua hufika utosini Kigoma dakika hizo zote baada ya Dar es Salaam. Mwanachuo mmoja alituambia kwamba hesabu hii ilimshinda kuieleza ubaoni kwa kipindi kizima. Sakafuni mtoto huitembea kwa nusu dakika.

Yapo mambo ambayo ramani hii haiwezi. Unyayo wa mtoto una urefu wa sentimeta 20 au zaidi, yaani zaidi ya kilometa 40 za ardhi. Kingolwira na mji wa Morogoro, vilivyotenganishwa na takriban sentimeta 5, hukaa chini ya unyayo mmoja. Mkoa wa Dar es Salaam nao unyayo mmoja huufunika karibu wote. Unguja, yenye urefu wa sentimeta 40 hivi, ina mikoa mitatu, na Pemba miwili. Hakuna mtu awezaye kusimama ndani ya mmojawapo bila kuukanyaga mwingine. Kuwaacha Wazanzibari nje ya mchezo si sawa, na kuwakuzia visiwa papo hapo baharini huiharibu skeli ambayo tumejitaabisha kuipata. Njia tuionayo bora ni kuchora visiwa hivyo mara ya pili kwenye kona tupu ya kaskazini-mashariki, vikiwa vimekuzwa mara nne na kuzungushiwa mstari, na kuwaeleza watoto kwamba ndani ya mstari huo hatua moja ni chini ya kilometa 30. Darasa likikosa nafasi hiyo, mtoto atumie fimbo ya kuonyeshea badala ya mguu.

Chaki nayo hufutika, na hufutika mahali maalumu. Dodoma na Morogoro hupitiwa na kila mtu. Baada ya nusu saa mipaka yake huwa vumbi tu, wakati Katavi ungali mweupe. Ukiona watoto wanaanza kubishana kama wamekwisha kuvuka mpaka au bado, ujue mstari umekwenda. Watoto wavue viatu, nayo mistari mikuu ichorwe kwa chaki iliyolowekwa kidogo katika maji yenye sukari. Ikikauka hushika zaidi, na huondoka kwa kitambaa kilicholowa. Ikiwa darasa lina sakafu ya udongo, chaki haitafaa kitu. Toka uwanjani, chora kwa kijiti, ujaze mfereji wake kwa jivu au chokaa. Uwanjani waweza pia kuipa kila digrii meta 1, lakini hapo hatua moja haitakuwa tena mraba mmoja, na mwalimu awe tayari kuieleza skeli mpya. Usifanye hivyo siku ya upepo.

Kipindi kimoja cha dakika 40 hakitoshi kuchora na kutembea. Tunashauri vipindi viwili mfululizo, au kuchora siku moja na kutembea kesho yake, ikiwa mwalimu wa darasa atakubali watoto wasome siku nzima pembeni mwa mistari. Wengine hawakubali, na wana haki. Lazima uzungumze nao kabla.

Kufuta pia ni sehemu ya somo. Mwanachuo tuliyemtaja aliita majina kwa zamu, akampa kila mtoto kitambaa kilicholowa na sharti moja: utafuta mkoa wowote uupendao, lakini kwanza useme uko upande gani wa mkoa uliofutwa na mwenzako. Yule wa kwanza alifuta Kagera. Wa pili akasema, "Geita, mashariki ya Kagera," akafuta. Wa tatu akasema, "Mwanza, mashariki ya Geita." Wakaendelea hivyo, sakafu ikisafishika, mpaka ikabaki Morogoro peke yake, ikizungukwa na saruji iliyolowa. Hapo aliulizwa msichana wa reli Uluguru iko upande gani wa Kingolwira. Hakuitazama sakafu. Aligeuka dirishani.